Waraka wa Kurudi Upper Hill

Waraka uliingia Ijumaa jioni, saa ambayo aliyeuandika alikuwa ameshafunga kompyuta yake na hakuna wa kumuuliza swali. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024, wafanyakazi wote wa makao makuu ya kampuni yetu ya bima wangetakiwa kufika ofisini Upper Hill, Nairobi, kila Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Sababu iliyotolewa ilikuwa "kuimarisha ushirikiano na utamaduni wa kampuni". Mwishoni kulikuwa na sentensi fupi kwamba mahudhurio yatachukuliwa kwa mashine ya alama za vidole mlangoni. Hiyo ndiyo iliyonichoma. Ushirikiano haupimwi kwa kidole.

Wengine waliupokea kwa kulalamika kidogo, kisha wakaanza kuulizana habari za matatu na foleni. Wao walikuwa Ruaka, Rongai au Kitengela. Mimi nilikuwa Kisauni, Mombasa. Waraka ulisema "kurejea", lakini kwangu mimi ulikuwa uhamisho, na uhamisho una taratibu zake.

Nieleze nilivyofika Kisauni. Nashughulikia madai ya bima za magari. Mtu amegongwa au amegonga, analeta fomu ya madai, ripoti ya polisi tunayoiita abstrakti, picha na leseni. Mkadiriaji anakwenda gereji kuliangalia gari, analeta ripoti yake, nami naisoma, nalinganisha bei za vipuri, namwandikia mteja au gereji tutalipa nini na kwa nini. Kazi yote iko ndani ya mfumo. Karatasi ya mwisho ya kweli niliyoishika katika kazi hii siikumbuki.

Mgonjwa wa kwanza wa korona Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na siku mbili baadaye serikali ikawataka waajiri wawaache watu wafanyie kazi nyumbani. Tukapewa laptopu. Mwezi wa Aprili Nairobi ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka, nami nikabaki peke yangu katika nyumba ya kupanga Umoja huku mume wangu, anayefanya kazi bandarini, akiwa Mombasa, nako kumefungwa vilevile. Marufuku ilipoondolewa tarehe 7 Julai, nilishampa mwenye nyumba notisi. Nilimwandikia meneja kwamba naelekea Mombasa, akanijibu kwa barua pepe ya mistari miwili: hakuna tatizo, endelea kufanyia kazi huko "hadi itakapotangazwa vinginevyo".

Miaka minne na ushei nilifanyia kazi huko. Mtandao nililipa mimi, tokeni za stima nilinunua mimi, meza nilichongesha mwenyewe Kongowea. Kampuni nayo ikarudisha ghorofa moja kati ya mbili ilizokuwa ikikodi na kuacha kulipa kodi yake. Simlaumu mtu kwa hilo, biashara ni biashara, lakini waraka ulipokuja na neno "utamaduni", nilijiuliza utamaduni huo ulikuwa wapi ghorofa ile iliporudishwa.

Na kulikuwa na jambo jingine lililonitia uchungu zaidi. Juni na Julai mwaka huohuo wa 2024, vijana walipoingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, maandamano yalikuwa yakiangukia hasa Jumanne na Alhamisi. Ofisi ilituandikia kwamba siku hizo mtu asithubutu kuja mjini, kila mmoja afanye kazi nyumbani. Tarehe 25 Juni, siku waandamanaji walipoingia Bungeni, nilikuwa mezani kwangu Kisauni nikifunga madai. Wiki chache baadaye tukaambiwa kwamba Jumanne na Alhamisi ni siku ambazo kazi haiwezi kufanyika vizuri ila ofisini.

Mama yangu, ninayeishi naye, alinisikia nikisimulia haya kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Akaniuliza: "Kwani hiyo kazi imevunjika mguu, mwanangu, hata uifuate Nairobi?"

Wiki ya kwanza nilikasirika tu. Niliandika jibu refu kwenye simu usiku, nikalifuta asubuhi. Wiki ya pili nikachukua daftari nikapiga hesabu, kwa sababu mume wangu aliniuliza swali rahisi: itatugharimu ngapi?

Nauli ya treni ya Madaraka Express daraja la kawaida ilikuwa shilingi 1,000 kwa miaka mingi, ikapandishwa hadi 1,500 Januari 2024. Kwenda na kurudi kila wiki ni 3,000, yaani 12,000 kwa mwezi. Kituo cha Nairobi kiko Syokimau, si mjini, kwa hiyo ongeza matatu za kufika Upper Hill na za kwenda kulala kwa shangazi yangu South B: niliweka 2,400 kwa mwezi. Chakula cha siku hizo nilikadiria 6,000. Kisha mama. Anahitaji mtu wa kumpa dawa ya usiku na kulala naye mume wangu anapokuwa zamu. Binti tuliyemuuliza alitaka 8,000. Jumla ilikuwa 28,400.

Mshahara wangu ni kama 120,000 kabla ya makato. Ukitoa kodi ya mapato, hifadhi ya jamii, ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 na bima ya afya, nilikuwa nabaki na takriban 87,000 mkononi. Theluthi ya hizo, au karibu yake, ingeishia njiani. Juu ya hayo, tarehe ileile 1 Oktoba ndiyo siku bima ya afya ilipohama kutoka NHIF kwenda SHIF. Kwa mshahara wangu NHIF ilikuwa 1,700. SHIF ya asilimia 2.75 ni 3,300. Na nauli ya kwenda kazini haipunguzi kodi yako hata senti. Serikali inakukata kana kwamba zile 28,400 umebaki nazo.

Hesabu hiyo ilinisaidia kwa namna ambayo hasira haikuweza. Kabla yake nilikuwa nasema "hawatuthamini". Baada yake niliweza kusema "mnanipunguzia mshahara kwa karibu theluthi", na hilo mtu hawezi kulijibu kwa neno utamaduni.

Nina binamu ambaye ni wakili, mdogo wangu kwa umri. Nilimpelekea mkataba, ile barua pepe ya 2020 na waraka. Nilitarajia aniambie nina kesi. Alinyamaza muda, akasema: "Dada, ukitaka niseme unachotaka kusikia nitakisema. Ukitaka ukweli, hoja yako inasimama kwa mguu mmoja."

Alinieleza hivi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10, inataka mkataba utaje mahali pa kazi, na mambo ya mkataba yakibadilika mwajiri ashauriane na mfanyakazi na kumpa mabadiliko hayo kwa maandishi. Mimi nilidhani maana yake ni kwamba hawawezi kunitoa Mombasa bila kushauriana nami. Yeye akaniuliza: mkataba wako unasema wapi? Ulisema Nairobi. Barua pepe ya meneja haikubadilisha mkataba. Ilitoa ruhusa, na ruhusa yenye "hadi itakapotangazwa vinginevyo" imebeba mwisho wake ndani yake. Ningeweza kudai kwamba miaka minne ya kuachwa hivyo imekuwa desturi, na pengine jaji angenisikiliza. Lakini nisijenge nyumba juu ya pengine.

Kisha akanionya mambo mawili, na ninayaandika kwa sababu nimeona wenzetu wakiumia kwayo. La kwanza, nisigome kimyakimya. Kifungu cha 44 cha sheria hiyohiyo kinaorodhesha makosa makubwa yanayoweza kumfukuzisha mtu papo hapo, na la kwanza katika orodha ni kutokuwepo mahali pa kazi bila ruhusa wala sababu halali. Ni kweli kifungu cha 41 kinampa mtu haki ya kusikilizwa kwanza, akiwa na mwenzake wa kumsindikiza, lakini utaingia kwenye kikao hicho ukiwa umeshawapa sababu. La pili, nisijiuzulu kwa hasira nikitumaini kwenda mahakamani kusema nimesukumwa nje. Mahakama ya Ajira huikubali hoja hiyo mwajiri akiwa amevunja mkataba kwenye mzizi wake. Kumwita mtu ofisini palipotajwa kwenye mkataba si kuuvunja.

Nilikuwa karibu kukata simu nikiwa nimekata tamaa, ndipo akasema: "Lakini hebu soma tena kile kipengele. Kinasema Nairobi 'au tawi lolote jingine la kampuni kadiri itakavyohitajika'. Mombasa hamna tawi?"

Tunalo. Liko mjini kisiwani, mwendo wa matatu moja kutoka kwangu kwa kuvuka daraja la Nyali. Nimewahi kulipitia mara kadhaa kuacha nyaraka. Kipengele kile kimewekwa na kampuni kwa faida yake, ili iweze kukutupa Kisumu ikitaka. Hakuna aliyefikiria kwamba mfanyakazi naye anaweza kukisoma.

Nikaandika barua ya ukurasa mmoja. Sikuandika kwamba waraka ni dhuluma, ingawa ndivyo nilivyoona. Niliandika kwamba nakubali kufika ofisini siku tatu, na naomba kufika tawi la Mombasa. Nikaambatisha ripoti kutoka kwenye mfumo wetu inayoonyesha muda kati ya siku faili inapokamilika nyaraka na siku mteja anapopewa jibu la malipo, kwa robo zote tangu 2020. Ripoti hiyo kila meneja anaweza kuitoa. Hakuna aliyekuwa ameitoa kabla ya kuandika waraka. Nikaongeza kwamba madai mengi ya malori ya barabara ya Mombasa yananipitia mimi, na kwamba nikiwa hapa naweza kwenda gereji ya Changamwe kuliona gari mwenyewe pale ripoti ya mkadiriaji inapotia shaka.

Mwisho nikaomba jambo ambalo binamu alinisisitizia kuliko mengine yote: barua ya kampuni itaje kituo changu cha kazi kuwa Mombasa. Sikuona uzito wake mwanzoni. Nilidhani kuruhusiwa kunatosha. Akanieleza kwamba kituo kikiwa Nairobi, kila wanaponiita Nairobi nakwenda kazini kwangu, kwa nauli yangu. Kituo kikiwa Mombasa, kuitwa Nairobi ni safari ya kikazi: tiketi ni ya kampuni, kuna posho ya safari, na kwa sheria ya kodi ya wakati huo shilingi 2,000 za kwanza za posho hiyo kwa siku hazikatwi kodi. Mtu yuleyule, treni ileile, mkutano uleule. Tofauti yote ni mstari mmoja wa barua.

Jibu la kwanza lilikuwa hapana. Timu iko Nairobi, walisema, na wakimruhusu mmoja wote wataomba. Kwa hiyo Oktoba nilipanda treni.

Safari ninayoijua vizuri ni ile ya usiku. Treni inatoka Miritini saa nne usiku, lakini unatakiwa kufika mapema kwa ukaguzi. Mifuko yote inapangwa chini kwenye mstari mmoja, abiria wanasimama pembeni, na mbwa wa polisi anapitishwa akinusa mmoja baada ya mwingine. Laptopu yangu ilinuswa kwa bidii kuliko viatu vya watu. Daraja la kawaida viti vinatazamana na migongo yake hailali, kwa hiyo unasinzia ukiwa wima, magoti yako yakigusana na ya mtu usiyemjua mpaka Voi, mpaka Mtito Andei. Syokimau unafika kabla ya adhana ya alfajiri, na baridi yake sisi wa pwani hatuizoei. Nilikuwa nakaa ukumbini mpaka kupambazuke ndipo nitafute gari.

Saa mbili asubuhi naweka kidole kwenye mashine. Inakataa. Naweka tena. Kisha nakaa kwenye meza isiyo yangu, kwa sababu ghorofa ni moja sasa na meza hazitoshi, navaa vipokea sauti masikioni, na naingia kwenye mkutano wa mtandaoni na wenzetu wa Kampala na mtu wa malipo aliyeketi upande wa pili wa ukuta. Vyumba vya mikutano vimeshikwa, hivyo kila mmoja anaongea kutoka mezani kwake, na unamsikia mtu mara mbili, kwanza kwa hewa na baadaye kwa waya.

Nilitaka sana kwamba ofisi isiwe na faida yoyote. Ingekuwa rahisi kuichukia. Lakini faida moja ilikuwepo nami niliiona kwa macho yangu. Kuna binti aliyeajiriwa mwaka uliotangulia, ambaye kwa mtandao nilimjua kwa maswali yake mafupi tu. Siku moja nilikuwa kwenye simu na gereji iliyotaka tulipie taa mbili za mbele wakati picha zinaonyesha gari limegongwa upande wa kushoto tu. Sikugombana. Nilimuuliza fundi anitumie picha ya taa ya kulia ikiwa bado kwenye gari, na namba ya chasi ionekane pembeni. Akanyamaza, kisha akasema ataangalia tena makadirio yake. Nilipokata simu yule binti alikuwa amegeuza kiti. Akaniuliza: "Madam, ile ya namba ya chasi ni kwa nini?" Nikamweleza kwamba picha ya taa iliyovunjika inaweza kuwa ya gari lolote. Tangu alipoajiriwa hakuna aliyekuwa amemwambia hilo, wala yeye hakujua kwamba kuna swali la kuuliza. Mambo ya namna hiyo hayamo kwenye mwongozo. Yanasikiwa tu.

Lakini somo hilo lilichukua dakika kumi. Halikuhitaji niwe Nairobi siku tatu kila wiki mpaka nistaafu. Nilipokutana ana kwa ana na meneja mwezi wa Novemba nilimwambia hivyohivyo: mafunzo ya wapya ni sababu ya kweli, basi tupange siku za mafunzo, nami nitakuja nikae na wapya tufungue faili pamoja. Akanisikiliza tofauti na alivyonijibu kwa barua. Nadhani ilimsaidia kuwa na sababu anayoweza kuipeleka juu, maana yeye mwenyewe, nilikuja kugundua, alikuwa hajaulizwa kabla waraka haujatoka.

Barua ilikuja Disemba. Kituo cha kazi: Mombasa. Siku tatu tawini, na wiki moja kila robo mwaka Nairobi kwa ajili ya mafunzo, kwa gharama ya kampuni. Mpango ulikuwa wa miezi sita, kisha uangaliwe upya. Haikuwa bure: cheo cha usimamizi wa timu nilichokuwa nikikisubiri kilitangazwa Januari kwa sharti la kuwa Nairobi, na sikuomba. Tawini napo nimepewa meza karibu na dirisha la wateja, feni iko mbali, na wateja wanadhani mimi ndiye keshia. Hasira haijaisha. Nikisikia neno utamaduni bado nashtuka.

Mwenzangu wa Kisumu aliandika barua karibu sawa na yangu. Nilimtumia nakala abadilishe majina. Alikuwa na watoto wawili shule ya msingi na takwimu nzuri kunishinda. Ila tawi la Kisumu lina chumba kimoja na watu wanne, na kwake walikataa mara zote. Aliondoka mwisho wa Februari. Faili zake, pamoja na zile za ajali za barabara ya Busia, wamenipa mimi, nazishughulikia kutoka Mombasa.